Siku za hekalu Thailand: hesabu yake kwa mgeni

Mnaofika Thailand kufundisha au kusoma, jambo la kwanza ni kuacha kutafuta siku ya ibada katika wiki. Wan pra, siku ya kushika maadili, hufuata mwezi wa angani: siku ya nane na ya kumi na tano mwezi ukikua, kisha ya nane na ya mwisho ukififia. Ni mara nne kwa mwezi, lakini si kila baada ya siku saba.

Chukua Julai 2025. Siku hizo zilikuwa tarehe 3, 10, 18 na 25, yaani Alhamisi mbili, kisha Ijumaa mbili. Iliyofuata ilikuwa Jumamosi, Agosti 2. Miezi ya mwandamo ya Thailand hupokezana siku 29 na 30, kwa hiyo siku ya mwisho ya mwezi unaofifia huwa ya kumi na nne au ya kumi na tano, na pengo la mwisho linaweza kuwa siku sita tu. Usijisumbue kuhesabu: kalenda nyingi za ukutani huchora kijisanamu cha Budha kwenye tarehe hizo. Wala hakuna kungoja mwezi uonekane, hesabu imeshafanywa kabla.

Siku hiyo utawaona wazee wakiwa wamevaa nyeupe, wengine wakilala hekaluni. Wameshika maadili nane hadi alfajiri ya kesho, na mojawapo ni kutokula baada ya adhuhuri. Ukiwapelekea chakula, wahi asubuhi.

Mwezi mpevu wa Asalha, mwezi wa nane wa mwandamo, ni siku ya kukumbuka hotuba ya kwanza ya Budha. Mafungo ya masika, yaani watawa kutulia hekaluni msimu wa mvua, huanza siku inayofuata. Mwaka 2025 Asalha ilikuwa Julai 10, mafungo Julai 11. Mwaka 2023, hata hivyo, Asalha iliangukia Agosti 1. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 hivi, na ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote. Mafungo haya hayawezi kuhama hivyo, kwa sababu yamefungwa na mvua. Basi baadhi ya miaka mwezi wa nane hurudiwa, na kinachohesabika ni mwezi mpevu wa ule wa pili.

Kwa miezi mitatu ya mafungo, mtawa huweka nadhiri ya kukaa hekalu moja. Wageni wengi hudhani amefungiwa. La: mchana anatoka, anapita na bakuli lake la kupokea chakula, anakwenda hata mjini. Sharti ni alfajiri imkute ndani ya mipaka ya hekalu lake. Kwa hiyo mwaliko wa shule ulio mbali, wa kulala huko, atakataa. Mzazi akiugua anaweza kwenda, mradi arudi ndani ya siku saba. Aliyekosa siku ya kuingia anaweza kuanza mwezi mmoja baadaye, naye atamaliza nyuma ya wenzake.