Deni la kampuni na nyumba ya mayatima

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mume wangu amefariki, ameniachia watoto watatu wadogo. Yeye na mdogo wake walikuwa na kampuni ya malori hapa Tanga. Kampuni inadaiwa matairi na mafuta. Wadai wamekuja siku ya arobaini, na ustadhi mmoja akasema nyumba iuzwe, la sivyo roho ya marehemu itabaki imening'inia. Shemeji naye anatafuta mnunuzi wa lori moja, ati ndilo fungu la kaka yake. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah, binti yangu. Eda hujamaliza na watu wameshaipigia nyumba yako hesabu! Usiuze kitu kwanza.

Hadithi ya roho ya muumini kuning'inia kwa deni lake tunaikubali. Lakini ni deni *lake*. Ustadhi amerukia hukumu kabla ya kuuliza mdaiwa ni nani.

Kampuni inaposajiliwa, sheria inaihesabu kuwa mtu wa peke yake. Inamiliki kwa jina lake, inakopa kwa jina lake, inashtakiwa kwa jina lake. Mumeo alimiliki hisa tu. Mwaka 1896 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kesi ya Salomon, mtengeneza viatu wa London, aliyefungua kampuni pamoja na mkewe na watoto wake. Kampuni ilipofilisika ikadaiwa kwamba ni yeye yuleyule aliyejivika jina jingine. Malodi wakakataa: ikishasajiliwa kihalali, kampuni ni mmoja na Salomon ni mwingine. Msingi huo ndio unaofuatwa Tanzania na Kenya hadi leo.

Najua jibu la ustadhi: "Hiyo ni hila ya makafiri, karatasi haina dhima." Dhima ni ule uwezo wa kubeba haki na madeni, na yeye anadhani haubebwi ila na mwanadamu. Basi aniambie: nyumba za wakfu za msikiti anaposwalisha, kodi yake ni ya nani? Si yake, wala si ya kamati. Kamati ikikopa saruji kwa ajili ya msikiti, kisha imamu akafa, atawapeleka wadai kwa watoto wa imamu? Mafakihi wetu wa Kishafii wameandika zamani kwamba msikiti ni kama mtu huru, unamiliki. Walikuwa hawajawahi kuona kampuni.

Ila mfano huo unathibitisha nusu tu: kwamba kisicho mwanadamu kinaweza kumiliki na kudaiwa. Hauthibitishi kwamba wenye kampuni waneemeke kwa faida kisha wadai waishie kwenye mali ya kampuni peke yake. Hapo ndipo wanazuoni wamevutana kweli. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, liliruhusu, kwa sababu mpaka huo unajulikana kwa wanaoamiliana na kampuni, na anayejua hajadanganywa. Neno "Limited" mwishoni mwa jina la kampuni ndilo tangazo lenyewe. Nami naishika kauli hiyo.

Tuseme mali yote ya kampuni ni milioni 50 na madeni ni milioni 62. Wadai watalipwa kutoka kwenye zile 50. Milioni 12 zilizobaki haziifuati nyumba ya marehemu.

Isipokuwa penye sababu, na hili lichunguze kwa uangalifu. Tazama ankara na mikataba: jina lililoandikwa ni la kampuni au lake? Alitia saini ya udhamini benki? Alimwambia muuza matairi mbele ya mashahidi, "kampuni ikishindwa, nitalipa mimi"? Hiyo ni dhamana, nayo imemfunga yeye mwenyewe. Vilevile kama hisa zake hakuzilipia zote, au alichota fedha za kampuni kwa matumizi ya nyumbani, anadaiwa na kampuni. Madeni ya namna hii hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, hata kama ni kwa kuuza nyumba.

Sasa shemeji. Kwa kanuni ileile, lori si la marehemu. Mnarithi hisa, na thamani ya hisa hujulikana baada ya kampuni kulipa madeni yake. Akiliuza na kugawa fedha, amekula haki ya wadai, na wao watakuwa na hoja ya kumfuata yeye binafsi. Mzuie kwa maandishi.

Ukiona huruma kwa yule muuza matairi, thumni yako ni yako. Toa humo utakacho, utapata ujira. Mafungu ya watoto usiyaguse. Yatima hawezi kusamehe wala kutoa sadaka, na hakuna awezaye kuitoa mali yake kwa niaba yake, hata mama yake mzazi.

Wallahu aalam.