Kabla ya kugawa alama, kagua maneno ya ngazi

Ukipewa kazi ya kupanga madaraja ya mishahara kwa njia ya alama, yaani kila kazi kupewa alama kwa kila kigezo na jumla yake kuonyesha daraja lake, usianze na hesabu. Hesabu yenyewe ni rahisi. Kinachoharibu mambo ni maneno yanayoeleza kila ngazi ya kigezo, na hapo ndipo ninaposhauri utumie muda wako mwingi.

Vigezo vikuu huwa vinne: ujuzi, wajibu, juhudi na mazingira ya kazi. Ni mpangilio wa zamani, uliokubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Geneva mwaka 1950. Mwaka uliofuata ukaja Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaka wanawake na wanaume walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa, hata kama kazi zenyewe hazifanani. Bila kipimo kimoja huwezi kulinganisha kazi zisizofanana, na hiyo ndiyo kazi ya alama.

Nichukue hospitali moja niliyokuwa kwenye kamati yake ya tathmini. Jumla ya alama ilikuwa 1,000: ujuzi 350, wajibu 350, juhudi 200, mazingira 100. Kila kigezo kilikuwa na ngazi tano zilizopanda kwa hatua sawa, kwa hiyo ngazi moja ya ujuzi au wajibu ilikuwa alama 70, ya juhudi 40, ya mazingira 20. Mtunza ghala alipata ngazi ya 2 kwenye ujuzi na ya 3 kwenye vigezo vingine vyote. Hizo ni 140, 210, 120 na 60, jumla 530. Mhudumu wa mapokezi alipata ngazi ya 2 kwenye ujuzi na wajibu, ya 1 kwenye juhudi na mazingira: 140, 140, 40 na 20, jumla 340. Madaraja mawili mazima kati yao!

Ukitazama juujuu utasema ni haki, kwani mmoja anabeba maboksi na mwingine amekaa kitini. Lakini tuliposoma maneno ya ngazi tuliona tatizo. Juhudi ilielezwa kwa kilo za mzigo tu. Wajibu ulihesabu mali, fedha na idadi ya watu unaowasimamia. Mazingira yalitaja vumbi, joto na kelele. Kipimo cha namna hiyo kinaona ghala, hakioni mapokezi.

Nikamwomba mhudumu atueleze zamu yake hatua kwa hatua. Akiwa anaandikisha mgonjwa mmoja, simu inaita, na jicho lake liko kwenye foleni kumtafuta anayehema kwa shida ili ampitishe mbele. Mafaili ya siri yanapita mikononi mwake kutwa nzima. Ndugu wa wagonjwa waliochoka kusubiri humtukana yeye, si daktari.

Tukaandika upya. Juhudi ikabeba pia umakini wa muda mrefu na kustahimili machungu ya watu. Wajibu ukaongezewa usalama wa watu na utunzaji wa siri, na mazingira yakaongezewa matusi na vitisho. Kisha kazi zote zikapimwa tena, si yake peke yake. Mtunza ghala akabaki na 530. Mhudumu akapanda hadi ngazi ya 3 ya wajibu, ya 3 ya juhudi na ya 2 ya mazingira, yaani 140, 210, 120 na 40. Jumla 510. Daraja letu lilianzia 500 hadi 599, wote wawili wakaingia humo.

Jihadhari na jambo moja hapo: wajumbe wa kamati hupenda kumpima mtu badala ya kazi. Utasikia, "Lakini huyu ana diploma." Swali ni kama kazi inahitaji diploma. Bidii ya mtu na miaka yake kazini vina mahali pake pengine kwenye mshahara, si kwenye alama hizi.

Mipaka ya madaraja iwekwe kabla mishahara haijawekwa mezani. Panga alama zote kutoka chini hadi juu, kisha tafuta palipo na pengo la kweli. Kazi ya 490 na ya 500 zikitenganishwa na mpaka, rudi usome tena maelezo ya zote mbili, maana tofauti ya alama kumi ni ndogo kuliko hatua moja ya kigezo chochote. Kipimo hakina uwezo wa kuona tofauti ndogo kiasi hicho. Na mkubwa akiomba mpaka usogezwe kwa ajili ya kazi fulani, mwombe aonyeshe ni ngazi gani ya kigezo kipi ilikosewa.

Utakuta pia kazi ambayo tayari inalipwa zaidi ya kilele cha daraja lake. Usimpunguzie mtu mshahara. Acha mshahara huo ubaki ulipo mpaka nyongeza za daraja zimfikie, na umweleze kwa maandishi sababu pamoja na alama za kazi yake, kigezo kwa kigezo, ili akitaka kukata rufaa ajue anapinga nini.