Mtumbwi Unaopaa: Maswali Yenu Kuhusu Wizi wa Kasi

Gemu yetu ni mbio za mitumbwi kuzunguka Saanane. Simu inatuma mahali mtumbwi ulipo, seva inakubali. Sasa kuna mtu ana apu iliyochakachuliwa, anamaliza wenzake wakiwa nusu njia. (Ilemela)

Mngekuwa mnaanza leo, ningesema simu itume usukani na mafuta tu, seva ipige yenyewe hesabu ya mtumbwi ulipofika. Kwa kuwa gemu imeshatoka, seva imtunzie kila mchezaji akiba ya mita. Tuseme kasi ya mwisho ya mtumbwi ni mita 8 kwa sekunde. Kila sekunde, kwa saa ya seva, akiba inaongezeka mita 8, ila haivuki 16. Kila hatua inakatwa humo. Isipotosha, hatua inakataliwa na mtumbwi unarudishwa pale ulipokubaliwa mwisho. Anayekimbia mita 16 kwa sekunde, akiba yake ikiwa imejaa, inamkaukia ndani ya sekunde 2.

Si rahisi zaidi kugawa umbali kwa muda kati ya pakiti mbili? Sisi tulijaribu, wakalalamika wanaochezea kwenye kivuko cha Kamanga. (Sengerema)

Walikuwa na haki. Simu inayotuma pakiti 10 kwa sekunde, mtandao ukikwama sekunde 1.2, inashusha pakiti 12 kwa mpigo. Hapo seva inaona mita 9.6 zimekwenda karibu bila muda wowote, na mtu mwaminifu anaitwa mwizi. Msije mkakimbilia muda ulioandikwa na simu, maana mwizi ataandika anaoutaka. Akiba ya mita inalipa hizo 9.6 bila kelele. Mtandao ukikata sekunde 3 anadai 24, hazitoshi, anarudishwa nyuma. Hiyo ndiyo bei yake, na ndiyo sababu kukataliwa mara moja hakutoshi kumfungia mtu akaunti. Mtazameni anayekataliwa mbio baada ya mbio hata mtandao wake ukiwa mzuri.

Akiba ninayo, lakini mmoja bado anaruka hadi mwisho:

```
if umbali > akiba:
    rudisha()
else:
    akiba -= umbali
    kubali()
```

(Nyamagana)

Anatuma `NaN` badala ya namba. Umbali nao unakuwa `NaN`, na `NaN > akiba` jibu lake ni `false`, kwa hiyo anaangukia kwenye `else`. Mbaya zaidi, akiba yenyewe inaweza kugeuka `NaN`, na kuanzia hapo hakuna hatua itakayokataliwa. Kataa pakiti yenye `NaN` au `Infinity` kabla ya hesabu yoyote, kisha geuza sharti, kisichothibitishwa kikataliwe:

```
if umbali <= akiba:
    akiba -= umbali
    kubali()
else:
    rudisha()
```

Kasi ni halali, ila anapita juu ya mawe. (Bukoba)

Mnakagua alipotua tu. Kagueni mstari wote kutoka alipokuwa hadi alipofika. Ukigusa nchi kavu popote, hatua ikataliwe. Hakuna haja ya ramani nzito: mzingo wa kisiwa wenye pembe chache unatosha.