Jumapili jioni, kabla ya orodha ya Jumatatu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa napokea malipo dirishani katika kliniki moja ya binafsi hapa Lubumbashi. Jumapili jioni bukari na sombe vikiwekwa mezani, chakula hakishuki. Usingizi nao ulikuja alfajiri, wakati wa kuamka.

Ukiwa katika hali hiyo, swali la "niache au nibaki?" halikusaidii usiku ule. Jiulize hivi: ni saa gani ya kesho ninayoiogopa? Iandike kwenye karatasi, na jina la kitu chenyewe. Yangu ilikuwa saa mbili asubuhi, nilipokabidhiwa orodha ya waliopona mwisho wa wiki lakini hawajalipa, hivyo hawaruhusiwi kutoka. Mimi ndiye niliyepaswa kuwaambia. Bado namwona mama mmoja, mtoto mgongoni, akifungua fundo la kitenge na kuhesabu faranga ambazo sote wawili tulijua hazitoshi.

Baada ya kujua hivyo, nilikuwa na jambo dogo la kuomba. Nilimwambia mkuu wangu kwamba familia zielezwe gharama Ijumaa, zipange malipo ya awamu mapema, na orodha tuigawane watu wawili. Alikubali nusu: kugawana. Jumapili zikapungua uzito, ila hazikupona, kwa sababu wagonjwa waliendelea kuzuiliwa, na hilo halikuwa mikononi mwangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba ni lazima niondoke.

Kinachofanya kuondoka kuonekane hakuwezekani ni kodi ya nyumba na minervali ya shule ya watoto, lakini pia kutojua hesabu. Kwa mkataba usio na kikomo, Kanuni ya Kazi ya 2002 inamtaka mwajiri atoe preavi, yaani taarifa ya mapema ya kuvunja mkataba, ya angalau siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Mfanyakazi anayeacha mwenyewe anadaiwa nusu ya hizo. Mwenye miaka 4: 14 na 28 ni 42, nusu yake 21. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, ni wiki tatu na nusu, na katika muda huo mshahara unaendelea.

Mimi nilipanga barua ya kuacha kazi ifuate zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana. Nilimwomba mama anayetunza pesa aiwahishe zamu yangu, naye akakubali baada ya wenzetu kuridhia. Pesa hiyo ikawa kodi ya miezi ya kutafuta.

Lakini kama uzito huo haukuachi hata ukiwa likizo, na kwa wiki mbili karibu kila siku hakuna kinachokufurahisha, nenda kwa daktari kabla ya kuandika barua yoyote. Na ukiiandika, toa nakala mbili, moja isainiwe na kuwekwa tarehe ya kupokelewa, ubaki nayo.