Refused, timed out, reset: kila moja inakutuma kwingine

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji, "Kaka, databesi imegoma, inasema Connection refused, nimezima fayawoli na bado." Nikamwambia washa fayawoli yako sasa hivi, kaangalie PostgreSQL yenyewe. Ikanikumbusha kazi moja ambayo mpaka leo inaniuma.

Tulikuwa na seva ya programu inayotafuta databesi kwenye seva nyingine, poti 5432, na kila tukijaribu inakaa kama dakika mbili halafu `Connection timed out`. Ule ukimya ndio wenye habari. Linux inatuma pakiti ya kwanza, isipojibiwa inarudia na kurudia, mwisho inakata tamaa. Mara nyingi kuna fayawoli inayotupa pakiti bila kujibu, au IP siyo, au mashine imezima. Watu wa netiweki wakaapa kila kitu kiko wazi, lawama zote kwangu. Nikawasha hii kwenye seva ya databesi, mbele yao:

```
sudo tcpdump -ni any tcp port 5432
```

Kimya, hata `Flags [S]` moja, yaani ile pakiti ya kwanza, haijafika. Ingefika ikakosa jibu, ningeshuku fayawoli ya mashine ileile, maana tcpdump inaiona pakiti kabla fayawoli haijaitupa. Haikufika kabisa, kwa hiyo inakatwa njiani. Wakaenda kufungua sheria ambayo eti ilikuwa wazi.

Tukajaribu tena, ikaja `Connection refused` papo hapo, na bosi akapaza sauti kwamba nimeharibu zaidi. Jamani, ile ilikuwa hatua mbele! Refused ni jibu, tcpdump inaonyesha `[S]` inaingia na `[R.]` ya kukataa inatoka, yaani mashine imefikiwa ila hapo mlangoni hakuna anayesikiliza.

```
ss -ltn | grep 5432
```

Ikaonyesha `127.0.0.1:5432`. PostgreSQL ikiachwa ilivyo inasikiliza ndani ya mashine yake tu. Nikaweka IP ya seva ya databesi yenyewe kwenye `listen_addresses`, nikaongeza mstari wa kuruhusu seva ya programu kwenye `pg_hba.conf`, nikairistati (kuriloadi hakutoshi kwa hilo la kwanza), kazi ikaisha. Samahani sikuambiwa. Ila ukikuta `0.0.0.0:5432`, yaani inasikiliza kwenye anwani zote za mashine, na kutoka nje bado ni refused, hapo ndio ushuku fayawoli yenye sheria ya REJECT, hiyo inakataa kwa kujibu. DROP ndiyo inayonyamaza.

Sasa `Connection reset by peer` ni nyingine kabisa, mlango umefunguliwa, mmeshasalimiana, halafu mtu kakata. Usianze na fayawoli, anza na logi za huduma. Ninayokutana nayo sana ni ya Docker: unapiga curl kwenye 127.0.0.1 ya mashine yako, docker-proxy inapokea vizuri, ikiingia ndani ya kontena haikuti mtu kwa sababu programu inasikiliza 127.0.0.1 ya humo ndani, basi inakukatia. Iambie programu isikilize 0.0.0.0, uwashe kontena upya.