Kikulacho Kinamla Nani?

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji anayesomea ualimu wa Kiswahili. "Shikamoo Mwalimu," aliandika. "Mkufunzi wetu aliandika ubaoni methali 'Kikulacho ki nguoni mwako'. Nilipoinakili, niliandika 'kiko', kwa kuwa nilidhani amesahau silabi moja. Akanikata alama mbili. Nilikosea wapi?" Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu methali hiyo hiyo iliwahi kuninyima kazi.

Wakati huo nilikuwa na cheti kipya na suti ya kuazima. Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari isiyo mbali na Jinja, na nilijiamini kupita kiasi, kwa kuwa nilikuwa nimekariri methali zisizopungua mia mbili pamoja na maana zake. Mzee mmoja aliyekaa pembeni mwa meza, ambaye alikuwa amekulia pwani ya Kenya, aliniomba nichambue neno "kikulacho". Nilijibu bila kusita kwamba "ki" ni ngeli, "kula" ni kitenzi na "cho" ni kirejeshi. Kwa hiyo neno zima ni "kitu kinachokula". Mzee akauliza kwa upole, "Sawa, Mwalimu. Na hicho kikulacho kinamla nani?" Nilisema methali haikutaja. Wenzake wakatazamana. Sikuitwa tena, na hadi leo nikipita mbele ya lango la shule ile ninatazama upande wa pili wa barabara.

Methali ilikuwa imemtaja anayeliwa. Ni wewe. Ile "ku" iliyo katikati haitokani na "kula". Ni kiambishi cha mtendwa, kile kile kilichomo katika "ninakupenda". Mzizi wa kitenzi ni "la" peke yake. Ukitaka kuhakikisha, badilisha nafsi: kinilacho ni kitu kinachonila mimi, kimlacho kinamla yeye, kitulacho kinatula sisi. Ikiwa silabi inabadilika kila nafsi inapobadilika, basi ni ya mtendwa. Na kama hakuna mtendwa aliyetajwa, "ku" hutoweka kabisa: mdudu alaye majani si "akulaye" majani, kwa maana akulaye angekuwa anakula wewe.

Kosa langu lilikuwa na chanzo, na ninaamini ndicho kinachowapoteza wengi wetu. Kiswahili tunachofundishwa darasani huweka kirejeshi baada ya kiambishi cha wakati: kinachokula, kilichokula, kitakachokula. Katika umbo hilo, "kinachokula" lina maana mbili, kitu chenye kula na kitu kinachokula wewe, na hata matamshi hayawezi kuzitenganisha. Vitenzi vyenye mzizi wa silabi moja, kama la, ja na fa, huhitaji msaada, kwa kuwa mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tungesema "kinachola", mkazo ungeiangukia "cho", na kirejeshi hakibebi mkazo. Ndiyo maana "ku" huingizwa ili iubebe. Katika umbo la kale lisilo na wakati, kirejeshi kiko mwishoni, mkazo unaiangukia "la" yenyewe, kilacho, na msaada hauhitajiki. Basi "ku" ikionekana katika umbo hilo, imekuja kwa kazi nyingine.

Msiseme umbo hili hamlijui. Kila mtu anayepanga mkutano Kampala husema "wiki ijayo" na "mwaka ujao", wala hasemi "wiki ikujayo". Tena sisi tunaozungumza Luganda tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Kula ni "okulya", lakini anakula ni "alya" tu, bila "ku", na kitu kinachokula wewe ni "ekikulya". Liweke neno hilo kando ya "kikulacho" uone jinsi mtendwa alivyokaa mahali pale pale. Nilikuwa na jibu la mzee yule kinywani mwangu tangu utotoni, nami nikalitafuta katika daftari la kukariri.

Tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua, mwezi wa Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, nimekutana na walimu wengi wapya wanaofundisha methali kama nilivyojifunza mimi: methali upande wa kushoto, maana upande wa kulia. Ninawaambia bila kuwaficha kwamba hilo ni kuwadhulumu watoto. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika "Akufaye kwa dhiki ndiye rafiki", akaeleza kwamba rafiki wa kweli ni yule anayekufa katika shida. Maelezo yake yalikuwa marefu na yenye huzuni, hata nikaona vibaya kuyakosoa. Methali inasema "akufaaye", yenye "a" mbili, kutokana na kitenzi "faa": anayekusaidia wewe. Anayekufa angekuwa "afaye", bila "ku". Nilimwomba abadilishe nafsi, akaandika "anifaaye", kisha "amfaaye", na alipofika "atufaaye" akaanza kujicheka mwenyewe. Mtoto huyo sasa ni mwalimu, na ninakiri kwamba ninajivuna ninaposikia anafundisha hivyo hivyo.

Sasa niijie "ki" iliyoleta ujumbe huu. Hapo mkufunzi hakusahau silabi. Kiambishi cha ngeli kinaweza kusimama peke yake kikafanya kazi ya kitenzi "kuwa": mlango u wazi, nyumba i wazi, babu yu hai. Vitabu vya sarufi hukiita kitenzi kishirikishi kipungufu. Wanaosali kwa Kiswahili hukitamka bila kukitambua katika Salamu Maria, wanaposema "Bwana yu nawe". Katika mazungumzo ya kila siku tumekiachia "ni" nafasi yake karibu kote, au tunakiongezea ko, po au mo tunapotaja mahali, na hivyo tunapokikuta kikiwa peke yake tunadhani neno limekatika.

Jaribio lake ni rahisi: badilisha ngeli. Vikulavyo vi nguoni mwako. Likulalo li nguoni mwako. Ukiona kiambishi kilichosimama peke yake kinaifuata ngeli ya neno lililotangulia, hicho ni kitenzi kamili kwa kazi yake, wala hakidai nyongeza. Lakini usikitumie kila mahali. Umbo hili halibebi wakati uliopita wala ujao. Ukitaka kusema kwamba kitu kilikuwa nguoni jana, huna budi kurudi kwenye "kilikuwa". Na kwa nafsi ya kwanza ya umoja linafanana na "ni" ya kawaida, kwa hiyo "mimi ni mgonjwa" haiwezi kukuonyesha lolote.

Kuhusu alama zako mbili, ndugu yangu, mkufunzi alikuwa na haki, ingawa kwa ukali kidogo. Tazama neno la mwisho: "mwako". Hilo linakubaliana na mahali pa ndani, kwani kunguni au chawa amejificha ndani ya nguo, naye hayuko mahali fulani tu pasipo dhahiri kama "ko" inavyodokeza. Wapo wazungumzaji wengi wanaosema "Kikulacho kimo nguoni mwako", na "mo" hiyo inapatana vizuri na "mwako". Ungeandika "kimo", ningekuandikia barua ya rufaa mimi mwenyewe.