Kumwomba mshiriki wa utafiti miadi ya mahojiano

"Mama mkulima wa zabibu Hombolo amekubali nimpigie simu. Nimweleze nini kuhusu ridhaa, muda, kurekodi na mahali?"

Ndugu, mwambie kwamba mazungumzo yenyewe yatachukua takriban dakika 50, lakini mwombe atenge saa moja na nusu, kwa sababu kusoma fomu ya ridhaa na kujibu maswali yake huchukua muda kabla ya kinasa sauti kuwashwa. Kukubali miadi si kutoa ridhaa. Hiyo huchukuliwa siku yenyewe, kwa saini au, kwa asiyejua kusoma, kwa dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yako. Kurekodi kuwe na kisanduku chake kwenye fomu, ili akikataa uandike kwa mkono na mahojiano yaendelee.

Mahali ndipo nilipowahi kukosea. Nilichagua ofisi ya kijiji kwa kuwa ilikuwa na viti na kivuli, na mshiriki wangu, aliyekuwa akieleza deni lake kwenye chama cha wakulima, alinyamaza kila kiongozi alipopita mlangoni. Muulize mama mwenyewe ni wapi anaweza kuzungumza bila kusikika, kisha wewe ndiye umfuate huko.